Maisha ya Nani

Shemeji ndiye aliyeninunulia programu ya kutunzia vipimo vya wateja wangu wa kushona. Unalipa mara moja, alisema, ni ya maisha. Leo haifunguki. Kampuni imefungwa na seva zake zimezimwa.

"Si ulisema ya maisha?"

Akasoma masharti kwenye simu, safari hii mpaka mwisho. "Maisha ya programu, shemeji. Siyo yako."

"Na vipimo vyangu?"

"Walitoa siku thelathini za kuvipakua. Barua pepe ilikuja kwangu, nikadhani matangazo."

Nilimvisha tepu ya kupimia shingoni.

"Wateja mia mbili na kumi," nikamwambia. "Anza na yule aliyesimama mlangoni, na umweleze mwenyewe kwa nini anapimwa tena."