Safu ya Maneno, Safu ya Skrini

Asnath aliamini kwamba hakuna jambo duniani lisiloweza kupangwa katika safu mbili. Kushoto unaandika maneno yatakayosemwa, kulia unaandika kitakachotokea kwenye skrini maneno hayo yakisemwa, na mstari wa kushoto ukikosa mwenzake wa kulia, unaufuta bila huruma hata kama ni mtamu kiasi gani. Hivyo ndivyo alivyoliandaa onyesho la mfumo wa kupokea asali, akiwa amejifungia katika ofisi yao ndogo ya Kasulu, na mwenyewe alijiona fundi.

Mfumo wenyewe haukuwa na makuu. Mfugaji nyuki anafika kituoni na ndoo yake. Mpokeaji anachagua jina lake kwenye kompyuta, anapima ndoo, anaandika uzito, mashine ndogo inatoa lebo ya kubandika kwenye ndoo, kisha anabonyeza thibitisha na mfugaji anapata ujumbe kwenye simu yake. Basi. Lakini ulikuwa umewachukua misimu miwili kuutengeneza, na ushirika wa wafuga nyuki wa Kibondo ndio ulikuwa tumaini lao la mwisho. Nickson, mkuu wao, hakuzunguka mbuyu. Kibondo wakikataa, alisema, mfumo unawekwa kabatini na sisi tunarudi kutengeneza vitambulisho vya wanafunzi. Asnath aliviogopa vile vitambulisho kuliko ukoma.

Zoezi la kwanza lilikuwa kichekesho. Asnath alisimama mbele akisema, na Longinus, kijana wa Bukoba aliyeandika programu hiyo, alikaa kwenye kompyuta akibonyeza. "Kama mnavyoona, uzito umeshaingia," alisema Asnath kwa sauti ya mtangazaji, na kwenye ukuta waliougeuza skrini kile kiduara cha kusubiri kilikuwa bado kinazunguka.

"Lisemwalo lipo," Longinus akamtania, "na kama halipo linakuja."

"Usinicheke. Kwa nini halipo?"

"Kwa sababu unatangaza goli mpira ukiwa bado katikati ya uwanja, dada."

Asnath alinuna kidogo, kisha akafanya kazi. Aliikata mistari mirefu. Aliondoa kila mahali alipokuwa akisimulia kubonyeza, maana watu wana macho, kidole wanakiona. Wanachotaka kuambiwa ni faida yake. Kila penye kusubiri aliweka maneno ya kujazia: lebo inapochapwa, aseme kwa nini ndoo huchanganywa, ujumbe unaposafiri, aseme habari za mtandao. Kisha wakakubaliana kanuni moja kubwa. Longinus abonyeze pale tu Asnath anapomaliza neno la mwisho la mstari, na Asnath asitamke "mmeona" kabla jambo halijatokea ukutani. Walirudia mpaka wakawa wanakwenda pamoja kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Walipopanda gari kwenda Kibondo, Asnath alikuwa akiimba.

Ukumbi wa ushirika ulijaa. Mwenyekiti, mzee Melkiadi, aliwapokea kwa furaha, akaikagua projekta kwa macho, akasema yote ni mazuri. "Sasa mtasema kidogo kidogo," akaongeza, "ili Claudine apate kututafsiria. Mkutano wetu tunaufanya kwa Kiha. Kiswahili tunakisikia, lakini asali tunaizungumza kwa Kiha."

Asnath alihisi safu zake mbili zikitikisika. Yeye ni Mpare wa Same. Kiha chake kiliishia kwenye salamu. Claudine Manirambona alikuwa katibu wa ushirika, mama mcheshi wa makamo aliyezaliwa na wazazi waliotoka Burundi, na kwa kusimulia alikuwa hana mpinzani. Asnath alipaswa kumketisha kando na kumpitisha kwenye karatasi mstari kwa mstari. Hakufanya hivyo. Alijiambia kwamba mkalimani ni mkalimani, atasema alichosikia. Haraka ikamponza.

"Mwidiwe!" akaanza kwa salamu yake ya Kiha, na ukumbi ukamwitikia kwa makofi. Mambo yakaonekana mepesi. Akasema mstari wa kwanza, akamaliza neno la mwisho, Longinus akabonyeza. Ndipo Claudine akaanza kutafsiri, na Claudine hakuwa mtu wa kutafsiri mstari ukabaki mstari. Aliongeza mfano, akaongeza utani, akawakumbusha wenzake ndoo zilizopotea. Watu wakacheka. Asnath, akiona muda unakwenda, akaongeza kasi. Longinus akashika kanuni kama askari: neno la mwisho, bonyeza, neno la mwisho, bonyeza. Claudine akawa nyuma kwa mstari mmoja, kisha miwili, na tafsiri ya "sasa tunakwenda kupima" ikatua ukumbini wakati ukutani tayari panasomeka jina la mfugaji wa mfano, kilo zake na neno kubwa la kijani: IMEPOKELEWA.

Kicheko kikafa. Mama mmoja wa safu ya katikati akasimama taratibu, kitenge kikiwa kimefungwa barabara. Alikuwa Pelagia, mwenye mizinga mingi kuliko wanaume wengi mle ndani, na kila mtu aligeuka kumsikiliza.

"Binti," alisema kwa Kiswahili, ili yule mgeni asikose kuelewa. "Claudine anasema ndio kwanza mnakwenda kupima. Mbona kilo zimekwisha kuandikwa?"

"Mama, hiyo ni—"

"Mashine yenu inajua uzito kabla ya mizani? Walanguzi nao walikuwa hivyo hivyo. Wanaandika kwanza, wanapima baadaye."

Ukumbi ukavuma. Asnath alisikia aibu ikimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Ungemwambia nini mama huyo? Kwamba kilo zile aliziandika mwenyewe Kasulu? Kwamba hapakuwa na ndoo yoyote, ni mfano tu? Kila jibu lilikuwa linamthibitishia Pelagia kwamba ana haki. Na kwa kweli alikuwa na haki. Mtu anayesikia jambo moja na kuona jingine ataamini macho yake, na macho yalikuwa yamewaonyesha wizi.

Longinus alimwangalia kwa macho ya kuuliza: tuanze upya? Kuanza upya kungesaidia nini, na hakuna kati yao anayejua Claudine anamaliza wapi sentensi? Longinus alikuwa akiokota maneno mawili matatu yaliyofanana na ya kwao Bukoba, lakini neno la mwisho la mstari wa Claudine lilikuwa halijulikani hata na Claudine mwenyewe.

Asnath akaitazama karatasi yake. Kisha akatazama ndoo ya bluu ya asali iliyokuwa miguuni pa Pelagia. Mama alikuwa amekuja nayo ili baada ya mkutano apitie sokoni.

"Mama, tunaomba kuiazima ndoo yako," alisema. "Na mizani ya stoo, mwenyekiti, kama hamtojali."

Mizani ikaletwa. Asnath akamvuta Claudine pembeni, na safari hii hakuharakisha. "Dada, mimi nanyamaza. Simulia wewe, kwa Kiha, urefu unaoutaka. Ila kila hatua ifanye kwa mkono. Ukifika kwenye jina, mguse mama Pelagia bega. Ukifika kwenye kupima, weka ndoo kwenye mizani, usome kilo kwa sauti. Lebo, ibandike. Mwisho kabisa, inua mkono juu. Usifanye la pili kabla ukuta haujaonyesha la kwanza."

"Na nikinogewa na maneno?"

"Nogewa. Mikono isinogewe tu."

Claudine akacheka hadi akashika kiuno. Asnath akamgeukia Longinus. "Sahau maneno. Fuata mikono."

"Data ya kweli? Hatujaifanyia zoezi," Longinus akanong'ona.

"Majina ya wanachama si uliyaingiza yote?"

"Niliyaingiza. Na simu zao."

"Basi."

Claudine akaanza. Alisema sana, Mungu ambariki, alisema mpaka ungedhani amesahau kilichomsimamisha, kisha akamgusa Pelagia bega. Jina la Pelagia likajitokeza ukutani, na ukumbi ukashusha pumzi kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa mbele, hakuna aliyekuwa nyuma. Ndoo ikapanda mizanini. Mshale ukayumba, ukatulia. Pelagia mwenyewe akainama kuusoma, hakutaka kusomewa, akatamka kilo zake, Claudine akazirudia, ndipo zikaandikwa. Mashine ndogo ikatoa ulimi wake wa karatasi. Claudine akaibandika lebo kwenye ndoo na kuipigapiga kama mtu anayebembeleza mtoto. Akainua mkono juu. Longinus akathibitisha.

Ujumbe haukuja.

Asnath alikuwa na maneno ya kujazia hapo, mazuri, ya habari za mtandao, lakini yalikuwa ya Kiswahili na yalikuwa yake, na alikwisha kutoa neno kwamba ananyamaza. Longinus akamwonyesha kwa kidole picha waliyoiandaa, picha ya ujumbe uliopokelewa, ya kutumia mtandao ukisumbua. Asnath akatikisa kichwa. Baada ya yale ya kilo, aonyeshe tena jambo ambalo halijatokea? Heri vitambulisho vya shule. Alisimama akasubiri, mikono ameifumbata kwa nguvu.

Claudine hata hakugundua kwamba pana tatizo. Alikuwa amefika kwenye kisa cha ndoo mbili zilizobadilishana wenyewe msimu uliopita na ugomvi uliozuka, na watu walikuwa wakichangia, huyu anakataa, yule anaapa, mzee Melkiadi anafuta machozi ya kicheko. Hakuna aliyekuwa akisubiri chochote. Simu ikalia ndani ya kitenge cha Pelagia katikati ya kelele hizo.

Pelagia akaitoa, akaisogeza mbali na macho, akasoma. Jina lake. Kilo alizozisoma mwenyewe. Akampa jirani, jirani akampa jirani, na simu ikasafiri safu nzima huku ukumbi ukilipuka kwa makofi. Asnath alishindwa kujizuia, akaruka palepale kama mtoto.

"Sasa," alisema mzee Melkiadi alipopata sauti, "tumeona. Tupige kura kama msimu huu tupokelee kwa mfumo huu au tuendelee kama zamani. Pelagia, chukua ndoo yako, tuanze."

"Ndoo gani?" Pelagia akauliza.

"Hiyo yako."

"Hiyo si yangu tena. Imepokelewa." Akaiinua simu juu ili kila mtu aione. "Ipelekeni stoo. Nikienda nayo sokoni, nitakuwa nimewauzia ninyi na nimemuuzia na mwingine, niitwe mwizi mimi?"

Mwenyekiti akamtazama, akaitazama ndoo yenye lebo, akawatazama wanachama wake, ambao wawili watatu walikwisha inuka kwenda kufuata ndoo zao nje. "Basi kura ya nini?" akasema, akaketi.

Longinus alimvuta Asnath mkono, akamnong'oneza. "Asnath, tupo kwenye mfumo wa majaribio. Ile asali kwa kweli haijapokelewa popote."

"Ipokee," Asnath akamwambia, akiwa tayari amejipinda kuibeba ndoo kwenda stoo.