Barua ya Kilowati Themanini za Ziada

Abdulhakim aliisoma barua yangu amesimama, ndani ya ghala lake jipya la samaki pale Usagara.

"Ada ya mhandisi ipande kwa sababu ya mashine mbili za barafu?"

"Nilichora umeme wa kilowati sitini. Mashine zako zimefikisha mia na arobaini. Nyaya, swichi kuu, maombi ya transfoma, vyote nimevifanya upya."

"Ungebadilisha namba tu, Injinia Jenifa. Unanitafutia sababu."

"Sababu umeinunua mwenyewe, bila kuniuliza."

Akaichana barua. "Mafundi watafunga kwa mchoro wa zamani."

Mchoro huo ulikuwa ukutani. Nikaupiga mstari mhuri wangu uliokuwa juu yake kwa kalamu nyekundu, nikaandika "Usitumike", kisha nikamnyooshea kalamu.

"Nyaya za sitini zitaungua kwa mia na arobaini. Haya, weka jina lako badala ya langu, halafu uwashe."

Hakuipokea.