Sindano Haikufika Hata Nusu Volti

Mpumbavu siku ile nilikuwa mimi, nalisema mapema ili msihangaike kumtafuta.

Mwaka wa tisini na sita nilikuwa na kibanda cha redio pale Majengo, nyuma ya wauza uwele. Miaka miwili nyuma yake nilikuwa fundi wa shirika la umma. Walipokuja kutupunguza walichukua kazi ya karakana nzima, wakaigawa kwa vichwa, wakasema kila kichwa kinazalisha kidogo mno. Mimi nilikuwa natengeneza nusu ya zile kazi. Nikapewa barua. Tangu hapo nikawa kama mguu uliokaliwa: upo, ila ukiufinya hausemi kitu. Kutania nilitania bado. Mdomo haukupunguzwa.

Lea alikuwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi, mtoto wa Kongwa, kaletwa kwangu kwa mazoezi ya miezi mitatu. Cheti chake kilisimama juu ya kitu kimoja: mfano wa kizuizi cha njia ya reli, mti wa kijiti unaopanda na kushuka wenyewe. Kilichoupandisha ni mota ndogo ya usukani, wenyewe huiita servo, aliyoichomoa kwenye ndege ya kuchezea iliyovunjika, zawadi ya padri wa kwao. Dodoma nzima hakukuwa na ya pili. Mkaguzi wa chuo angekuja siku ile saa nane mchana, na hupita mara moja kwa mwaka.

Asubuhi alinionyesha kwanza taa ya LED.

"Angalia, Fundi. Siipunguzii umeme. Naiwasha na kuizima upesi mno, jicho halifuati. Nikiiacha imewaka nusu ya muda, inafifia."

Nikaweka mita yangu ya kupimia volti. Sindano ikalala katikati kabisa. "Injinia," nikamwambia, "wewe unakonyeza taa mpaka inaona haya."

Akacheka, akaenda kutoa fotokopi ya ripoti yake. Nikabaki na kizuizi. Kijiti kilikuwa kimesimama katikati, kimetulia. Nikaweka mita kwenye waya wa amri unaoingia kwenye mota. Sindano haikufika hata nusu volti.

Nikasema, masikini, mtoto huyu amri yake haina nguvu, mkaguzi atamcheka. Nikawasha chuma cha kuchomea risasi, nikang'oa rezista moja kwenye saketi inayotuma amri, nikaweka kubwa zaidi, nikajaribu na nyingine, mpaka sindano ikalala katikati kama ya taa. Kijiti kikaruka hadi mwisho, kikaanza kunguruma. Nikadhani ndiyo nguvu yenyewe. Nikaiacha ijizoeshe, nikaenda kunywa chai kwa Mwajabu, muuza chai wa jirani.

Niliporudi Lea alikuwa amefika. Waya wa betri ulikuwa umeshachomolewa. Kibanda kilinuka plastiki iliyoungua. Hakulia. Mimi nami nilitazama ule moshi mwembamba na sikusikia kitu ndani yangu, wala aibu.

Saa nane akaja mkaguzi, Bwana Hamza, mpole, shati limepigwa pasi. Lea alimwamkia, akamwonyesha taa ikififia na kukolea.

"Nzuri," Bwana Hamza akasema. "Ila hapa pameandikwa kizuizi, binti. Kinapanda?"

"Kilipanda jana."

Akaandika, akafunga faili. *Arudie mwakani.* Akatuaga vizuri sana.

Ndipo nilipoanza kubisha. Mtu akikosa la kufanya hubisha.

"Sindano ilikuwa chini, Lea! Nimeshika mita miaka ishirini na miwili."

"Ile mota haiangalii sindano, Fundi. Inapima kila mkupuo wa umeme umedumu muda gani. Gawa sekunde moja vipande elfu: mkupuo wa kipande kimoja, inaenda upande huu, viwili, upande ule, kimoja na nusu, katikati. Halafu inasubiri mwingine, mikupuo hamsini kwa sekunde. Muda mwingi waya uko kimya, lazima sindano iwe chini. Wewe umeipa mikupuo ya vipande kumi. Imekwenda mwisho wake, bado inaamriwa iendelee, imesukuma ukuta mpaka imeungua."

"Basi mita ingesema!"

"Mita inachanganya mkupuo na kimya, inakupa wastani. Kwa taa inatosha."

"Mita yangu haijawahi kunidanganya. Kitu kikisoma kidogo ni dhaifu, kwisha. Ndivyo tunavyopima kazi sisi mafundi."

Lea alikuwa anakunja ripoti yake, karatasi zilezile za fotokopi ya asubuhi. Hakupandisha sauti.

"Ndivyo walivyokupima na wewe, Fundi, na kila siku unaniambia walikosea."