Mkono wa Kumimina Chai

Mashoga watatu wa mama mkwe, wenye domo lao, walikuja kila wiki, na aliyewamiminia chai siku zote alikuwa yeye mwenyewe. Lakini tangu apatwe na kiharusi, mkono wake wa kulia ulikuwa mzito. Kila alipomimina, chai nusu iliingia kikombeni, nusu ikateremka chini ya mdomo wa buli, ikafuata tumbo lake mpaka kitambaani. Wageni walijifanya hawaoni, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Waambie wasije tena," alimwambia mkaza mwana wake walipoondoka. "Mkono umeshakwisha. Nikae mbele ya watu kama pambo?"

Mkaza mwana alikuwa mfinyanzi, na buli lile alilifinyanga mwenyewe. Roho ilimuuma. Alipokuwa akijifunza kazi hiyo, wanawe walilelewa na mama huyu, aliyewaogesha na kuwabembeleza bila kuuliza hata mara moja mafunzo yangekwisha lini. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwacha afunge mlango wake.

Alilipeleka buli jikoni, akalijaza maji. Akamimina kwa nguvu, maji yakaruka moja kwa moja kikombeni. Akamimina polepole, kama mama. Mchirizi ukawa mwembamba, ukafika ukingoni, ukajipinda, ukang'ang'ania upande wa chini na kuteremka. Akarudia. Mkono wake ulikuwa mzima kabisa, na bado meza ililowa.

Akapitisha kidole kwenye mdomo wa buli. Ulikuwa mviringo, laini, kama alivyoupenda. Aliusugua kwa sponji ukiwa bado mbichi, na rangi ya kung'aa ilipoyeyuka tanurini ikaulainisha zaidi. Maji yaendayo kasi yana nguvu ya kuruka ukingo huo. Yakienda taratibu, hushika mzingo wake na kuufuata. Yangekutana na ukingo mkali, yangeshindwa kukata kona, yakaanguka.

Alichukua jiwe la kunolea, akalilowesha, akausaga upande wa chini wa mdomo mpaka ukingo ukawa mkali. Ulipoteza mng'ao, ukawa na sura ya mtu aliyenyolewa vibaya. Akaliosha buli vizuri, akapika chai.

"Hebu mimina, mama."

"Unataka kunicheka?"

"Mimina tu. Polepole, vilevile unavyomimina."

Mama mkwe alilishika buli, akaliinamisha polepole. Mchirizi ulitoka mwembamba, ukafika ukingoni, ukakatika na kuanguka kikombeni. Alipapasa tumbo la buli. Kavu.

"Kumbe muda wote huu nilikuwa nawaomba watu radhi kwa ajili ya buli lako!"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamshika mkaza mwana mkono kwa ule wake mzito. "Ahsante, mwanangu. Ahsante sana."

Kisha akaomba simu, akampigia shoga yake mkubwa.

"Kesho njooni wote," alisema. "Namimina mwenyewe."