Mbuzi wa Sitini

Ilikuwa miaka kumi na moja Batuli hajamwona mamake. Alikulia Salala, kule Omani, akarudishwa Malindi akiwa na kumi na saba kuja kuolewa, na mama akabaki huko kwa mume wake wa pili. Ndoa ya Batuli haikudumu. Kilichodumu ni Kiarabu, na kwa hicho alipata riziki, akifasiri hati za watu katika kichumba chake nyuma ya soko la zamani.

Mzee Mramba, mfanyabiashara wa mifugo wa Kakuyuni, alipopata mnunuzi Salala alimletea habari iliyomkosesha usingizi. Mbuzi sitini wangepakiwa Mombasa Jumamosi, na mnunuzi alitaka mtu wa kumfasiria Mramba bandarini siku ya kuwapokea. Tikiti na viza vilikuwa tayari. Batuli alimpigia mamake simu jioni hiyo hiyo. Bibi yule akamwuliza kama bado anapenda mkate wa ufuta, ili aanze kusaga.

Jumatano Mramba akamletea cheti cha afya ya mbuzi alichotia sahihi Nahashon, daktari wa mifugo, kimeandikwa kwa Kiingereza. Batuli alikifasiri polepole, kama ilivyo desturi yake. Nambari za hereni za masikioni alizinakili tarakimu kwa tarakimu, bila kuzigeuza. Kwenye majibu ya maabara hakuandika kwamba mbuzi ni wazima, bali kwamba kipimo kilikuwa hasi, maana maabara ilisema hivyo tu na si zaidi. Akafika kwenye tamko la karantini: wanyama wote wamekaa siku ishirini na moja mfululizo, wametengwa, hakuna mgeni aliyeingia kati yao.

Ndipo alipolinganisha orodha mbili. Cheti kilikuwa na mbuzi 0638. Karatasi ya maabara haikuwa naye. Ilikuwa na 0683.

Alikaa akizitazama zile nambari. Angeweza kuziandika zote mbili kama zilivyo na kunyamaza. Kazi yake ilikuwa kufasiri, si kukagua mbuzi. Pengine mkono wa mtu umeteleza tu. Lakini chini ya ukurasa palikuwa na mahali pa sahihi yake, naye hakutaka kuiweka juu ya jambo alilolijua kuwa lina kasoro.

Akampigia daktari. Nahashon hakubisha. Alisema nambari za cheti alizisoma mwenyewe masikioni siku ya kutoa cheti, basi atarudi zizini akaangalie.

Alasiri wakaja wote wawili, yeye na Mramba, na nyuso zao zilitosha kumwambia. 0683 alivunjika mguu baada ya kutolewa damu, akachinjwa. Mchungaji, asijue madhara yake, akaleta mwingine kujaza nafasi ili wabaki sitini. Huyo ndiye 0638. Hakupimwa, wala hakumaliza siku zake.

"Si tumtoe huyo mmoja, waende hamsini na tisa?" Mramba aliuliza.

"Amelala nao, amekula nao," daktari alijibu. "Tamko linasema hakuna aliyeingia, na mimi nimelitia sahihi. Nalibatilisha. Atolewe leo, wengine waanze kuhesabu upya, na damu ichukuliwe tena."

Mramba alimgeukia Batuli. "Bi Batuli, ulijua kwamba safari ni yetu sote."

"Nilijua, mzee wangu."

Hakumlaumu zaidi ya hapo, na hilo lilimwuma kuliko lawama.

Meli iliondoka Jumamosi bila mbuzi wao. Wiki ile ile damu ya 0638 ikapimwa, na majibu yakawa hasi. Daktari alimweleza kwamba kama hawangejua, huenda mbuzi wangefika salama bila neno. Batuli alimshukuru kwa ukweli wake, akafunga mlango mapema siku hiyo.

Baada ya siku ishirini na moja cheti kipya kikaja, mbuzi hamsini na tisa, orodha zote zikilingana. Mnunuzi alikuwa ameshapata mfasiri wa huko huko, na tikiti ya Batuli ikafutwa. Alikifasiri hata hivyo. Alipofika penye jina la bandari ya kupokelea, aliliandika kwa Kiarabu herufi moja moja, taratibu, kama mtu anayesogea mlangoni kwao asiyetaka kufika upesi.

Usiku mamake alipiga simu. Batuli alikuwa ameshamweleza yote, lakini bibi yule alikuwa akisahau.

"Mwanangu, mko wapi? Umeshateremka?"

"Bado, mama."

"Basi usiharakishe. Nitangoja."

Batuli akabaki na simu sikioni, akimsikiliza mamake akipita jikoni kwake, akifungua maji, akiongea na mtu mwingine nyumbani kwa ile lahaja ya Salala, mpaka bibi akasahau kwamba simu iko wazi. Hakuikata.