Bomba Saba za Ziada

Germain Kalenga hakuwa mtu wa kukisia. Katika mji mzima wa Likasi, mafundi bomba wengi huingia chumbani, hutazama huku na huko, halafu husema, "Lete bomba sita, tutaona." Yeye alikuwa akiwadharau waziwazi. Alipima, akaandika, akapima tena, na wateja waliomwona mzee msumbufu ndio waliokuja kumshukuru baadaye.

Alhamisi ile alikuwa kwenye lupango, kiwanja chenye nyumba, la Kazadi, mwenye nyumba aliyewapangishia Orpha, binti wa Germain, na mumewe Steve vyumba viwili. Kazadi alitaka bafu dogo nyuma ya uwanja: choo, karo na bomba la mvua. Chumba chenyewe kilikuwa kimeshajengwa, mita mbili kwa moja na nusu. Germain akapiga magoti, akaanza kazi.

Maji kwanza. Kutoka bomba la uwanjani, kupitia ukutani, mpaka kwenye vifaa vitatu, alipata mita kumi na moja na nusu za bomba jembamba. Akaongeza sehemu moja ya kumi kwa vipande vinavyopotea kwenye kukata, perte kama mafundi wanavyoiita: kumi na mbili na sentimeta sitini na tano. Bomba moja zima, barre, ni mita nne. Tatu zingepungua kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kinachomrudisha fundi sokoni mara ya pili, kwa hiyo akaandika nne. Matawi mawili ya kugawa maji, coude, yaani kona, nane na moja ya akiba, koki moja ya kufungia.

Halafu maji machafu. Bomba jembamba kiasi la karo na la kuogea akalimaliza haraka. Bomba nene la choo lilihitaji mita tano na arobaini mpaka kwenye shimo, na mbili na themanini za kupandisha harufu juu ya paa. Jumla nane na ishirini. Pamoja na upotevu, tisa na ushee. Bomba tatu nene, basi, na kipande kizuri kingebaki.

Shimo lenyewe hakulifungua. Lilikuwa limefunikwa mabati mazito, na juu yake mnyororo na kufuli. Germain alilitazama kufuli lile kwa muda. Nani anafungia choo ambacho hakijatumika?

Kazadi akaja na karatasi yake mkononi.

"Papa Germain, minye nilishaandika. Barre kumi ya ile munene. Coude moja ya kuongeza. Shuguli inaisha."

"Kumi? Bafu hii inakula tatu."

"Weka perte."

"Perte ni moja juu ya kumi, Kazadi. Haiko saba juu ya tatu."

Kazadi alicheka, lakini macho hayakucheka. "Weye nunua tu. Minye naenda kutafuta gari ya kuzibeba. Narudi saa kumi." Akatoka, funguo zikilia mfukoni mwake.

Germain alibaki na karatasi. Wengine wangesoma tarakimu wakafurahia kazi kubwa. Yeye alisoma kona. Bomba saba za ziada na kona moja tu. Hakuna nyumba duniani yenye mita ishirini na nane za bomba zisizokutana na ukuta, mlango wala msingi. Bomba hilo lilikuwa linakwenda moja kwa moja, linageuka mara moja, linakwenda tena moja kwa moja. Juu ya ardhi hapakuwa na mahali pa kupita namna hiyo. Chini palikuwepo. Na bomba nene chini ya ardhi, kwa watu wa mji huu wanaochimba madini popote penye jiwe jeusi la kobalti, ni la kupeleka hewa kwa mchimbaji.

Aliingia kwa Orpha bila kubisha hodi. Binti yake alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mtoto amelala mgongoni, mchi wa kinu mkononi. Ukuta nyuma yake ulikuwa na ufa ambao Orpha siku zote alisema ni wa mvua. Kando ya mlango vilikuwa viatu vya Steve, ambaye kwa miezi mitatu alidai anafanya kazi kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe. Mtu wa chokaa hurudi na viatu vyeupe. Hivi vilikuwa vyeusi.

"Steve iko wapi?"

 Orpha aliinamisha kichwa, na hapo chini ya sakafu yakasikika mapigo matatu, ya mbali, ya chuma kwenye mwamba. Akagonga sakafu kwa mchi mara tatu.

"Anasema anapumua," akasema. "Na minye namujibu nasikia. Njo vile tulipatana."

Germain alishindwa hata kukasirika vizuri. Alikaa. "Na bwana yako yuko chini ya kitanda ya mutoto."

"Papa, hewa inapunguka kule. Minye njo nilisema bakuite weye, juu weye unapimaka muzuri." Machozi yakamtoka. "Mita kumi na mbili ya kushuka, kumi na sita ya kwenda mbele. Ishirini na nane. Barre saba."

Hesabu ilikuwa safi, na ndiyo iliyomtisha. Kila bomba huingia ndani ya mwenzake sentimeta sita. Hapo tu karibu nusu mita imekwenda. Hawakuweka upotevu hata kidogo.

"Vile vipimo ni vya lini?"

"Dimanche."

Akachukua mchi, akagonga mara tatu, akasikiliza sikio likiwa sakafuni. Majibu hayakutoka chini ya kitanda. Yalitoka chini ya jiko, kule pembeni. Germain akatoa metre yake ya kupimia, akaivuta kutoka kwenye mabati ya lile shimo, maana humo ndimo Steve alimoshukia, akapita uwanja, akapita mlango, mpaka pale sauti ilipokuwa kali zaidi. Akasoma mara mbili kama kawaida yake. Kumi na tisa.

Bafu hukaa pale ulipolipima. Shimo linalochimbwa halitulii, kila siku husonga mbele. Orodha ya Jumapili ilikuwa imeshapungua mita tatu na nusu, na bomba zenyewe zilikuwa bado dukani.

"Mwite atoke," akasema. "Sasa hivi."

Orpha akagonga. Mara tano, mara kumi, mfululizo, kwa nguvu zote, mtoto akaamka na kulia. Kisha Orpha akaacha kugonga, akasikiliza.

Mapigo matatu. Taratibu. Napumua.

"Hamna alama ya kutoka?" Germain aliuliza.

 Orpha na Steve hawakuwa wamepatana hivyo. Hakuna aliyefikiria.

Germain alikimbia uwanjani na ufunguo mkubwa wa kubania bomba. Kufuli la Kazadi lilikataa mara tatu, mara ya nne likaachia. Akaburuta mabati. Hewa nzito ya joto ikampanda usoni. Ukutani mwa shimo zilichongwa ngazi za kuweka kidole cha mguu.

"Steve!"

Sauti ilishuka mita kumi na mbili, ikafika kwenye kona ile moja, ikafia hapo.

"Papa!" Orpha alilia kutoka ndani. "Amegonga mbili! Mbili tu!"

Germain, ambaye miaka yote hakuwahi kushuka popote bila kupima, alivua viatu na kutafuta ngazi ya kwanza kwa mguu. Ndani kwa Orpha, mchi ulikuwa ukigonga bila kukoma. Chini hakukuwa na jibu.