Vigae Ishirini na Vinne

Barua ililetwa Jumatatu, imekunjwa mara mbili ndani ya daftari la hesabu. Aliyeifungua ni baba Kidoti, kwa sababu daftari la hesabu ndani ya nyumba ile lilikuwa lake. Lilikuwa la Kidoti kwa jina tu.

Tangu mtoto aingie darasa la kwanza, saa kumi na moja jioni ilikuwa saa yao. Baba alirudi kutoka kazini na vumbi la saruji kwenye nyusi, akanawa mikono mpaka viwiko, akavuta kiti. Kidoti akaketi kushoto kwake. Maswali ishirini, wakati mwingine thelathini. "Angalia hapa," baba alisema, na penseli ikahama kutoka mkono mdogo kwenda mkono mkubwa. Alikuwa fundi wa vigae, na mafundi wenzake walimwita Profesa kwa sababu aliweza kutazama sakafu tupu na kutaja idadi ya maboksi pasipo kushika karatasi. Sifa hiyo aliipenda kuliko chakula. Lakini zaidi ya sifa aliipenda ile saa, kwa maana Kidoti alikuwa na miaka kumi na mmoja, amekwisha kuacha kumshika mkono barabarani, na hesabu ndiyo kamba pekee iliyobaki kati yao.

"Mzazi mpendwa," barua ilisema. "Kuanzia wiki hii, kazi ya nyumbani ya hesabu itabadilika. Badala ya maswali mengi yanayofanana, mtoto ataleta swali moja ambalo hajaonyeshwa njia yake. Ataanza kwa kulieleza kwa maneno yake. Kisha atajaribu: kwa mchoro, kwa jedwali, kwa kukisia na kuhakikisha. Atayaandika yote aliyojaribu, hata yaliyoshindikana. Akihangaika kwa dakika ishirini asipate, ataandika amekwama wapi, na hiyo pia ni kazi nzuri. Majedwali ya kuzidisha tutaendelea kuyafanyia mazoezi darasani. Tunawaomba wazazi msimwonyeshe mtoto njia na msifute alichoandika. Muulizeni tu: umeelewa nini? Umejaribu nini? Utajuaje kama ni sahihi?"

Ukurasa ulikuwa na upande wa pili. Hakuugeuza. Macho yake yalikwama kwenye *msimwonyeshe mtoto njia*, yakagoma kusogea.

"Msimwonyeshe," alisema kwa sauti. "Mwalimu ana mwaka mmoja kazini, ananiambia mimi nisimwonyeshe mwanangu."

Mama Kidoti alikuwa chumba cha mbele, ambako alisukia wateja wake. Alitoka na kitana mdomoni, akaichukua barua, akaisoma pande zote mbili, akatia saini kwenye kipande cha chini. "Mbona ni jambo jepesi," alisema. "Kuuliza tu."

Jepesi kwake. Mama huyo aliachana na hesabu darasa la saba, na hawakuwahi kukumbukana.

Jumatano likaja swali lenyewe. Bwawa la mraba, kila upande una urefu wa vigae vitano. Linazungushiwa mstari mmoja wa vigae, na pembe zote zinajazwa. Vinahitajika vingapi? Na kama upande wa bwawa ungekuwa wa vigae vingi kiasi chochote, ungejuaje idadi bila kuchora?

Hebu fikiri. Vigae! Swali limetoka tumboni mwa kazi yake, limekuja na miguu yake mpaka mezani, naye amekatazwa kuligusa. Baba Kidoti alilisoma juu ya bega la mtoto, jibu likamjia kabla hajafika kwenye nukta.

"Angalia hapa," alisema, akanyoosha mkono.

Kidoti alilifunika daftari kwa kiganja. "Mwalimu amesema tusionyeshwe, baba."

"Na mimi ni nani?"

"Wewe unajua," mtoto alisema, kwa upole kabisa, kama anayetoa udhuru. Akakusanya penseli na rula, akaenda chumba cha mbele kwa mama yake.

Baba alibaki na kiti cha kushoto kitupu. Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wa pazia, na pazia halizuii sauti. Alimsikia mteja akilalamika kuwa amevutwa nywele. Alimsikia mkewe akiuliza, "Haya, umeelewa nini?" Kisha sauti ya Kidoti, ndefu, inaeleza. Mezani kwake mtoto yule hakuwahi kusema maneno zaidi ya matatu mfululizo: ndiyo baba, nimeona, asante. Kule alikuwa akimwaga maneno.

"Upande mmoja saba, mara nne, ishirini na nane."

"Utajuaje kama ni sahihi?"

"Nitachora, nihesabu." Penseli ikakwaruza. "Mama, ni ishirini na nne. Mbona vinne vimepotea?"

"Mimi nitajulia wapi, mwanangu? Vitafute."

Penseli ikakwaruza tena, halafu kicheko cha watu watatu, na mteja naye akiwemo, mtu baki aliyekuja kusukwa. "Pembe! Nimezihesabu mara mbili mbili!"

Wivu ni mgeni asiyebisha hodi. Ulimkaa baba Kidoti kooni kama mwiba wa samaki, na kila alipomeza ulichoma. Alimwonea wivu mwalimu kwa barua yake. Alimwonea wivu mteja. Kuliko wote alimwonea wivu mkewe, aliyemchukua mtoto bila kujua hata kugawanya kwa tarakimu mbili. Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, akazima redio ambayo hakuwa akiisikiliza.

Wakati wa kula aliuliza, kana kwamba hajali, "Kwa hiyo siku hizi mwalimu wa hesabu ni wewe?"

"Simfundishi," mama Kidoti alijibu. "Sijui nimfundishe nini. Namuuliza, ananifundisha yeye."

"Kazi ya kipofu kumwongoza mwenye macho."

Mama Kidoti aliweka kijiko chini. "Baba Kidoti, kama una neno na mimi, niambie mimi. Usilipitishe kwenye hesabu."

Hakuwa na neno la kusema hadharani. Alikuwa na penseli.

Asubuhi, Kidoti akioga, baba alilifungua daftari. Ukurasa ulikuwa vurugu tupu: ishirini na nane imekatwa, mraba umechorwa na mishale inayouzunguka, mstari wa maneno hapa, mistari miwili pale, na chini kabisa sentensi iliyobanwa kwenye ukingo. Hakuisoma. Aliuona ukurasa kama alama ya miguu ya mkewe juu ya sakafu yake iliyokuwa bado mbichi. Akachukua kifutio, akafuta yote, akapuliza vumbi, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kufundishia: *Mraba mkubwa utoe mraba mdogo. 7 × 7 = 49. 5 × 5 = 25. 49 – 25 = 24. Upande wowote: uongeze 2, uzidishe kwa wenyewe, kisha utoe upande wa bwawa mara wenyewe.* Sahihi kabisa. Wala hakuna aliyebisha usahihi wake, tangu siku ile mpaka leo. Akalirudisha daftari kwenye mkoba akiwa na amani ya mtu aliyelipiza.

Jioni aliporudi hapakuwa na mtu mezani. Alinawa mikono mpaka viwiko, akasimama kando ya pazia.

"Mwalimu akaniita ubaoni," Kidoti alikuwa akisema, na sauti ilikuwa ya kulia kulikokwisha. "Akasema eleza njia yako. Nikafungua, sikuikuta. Nikasoma ile iliyoandikwa. Akaniuliza, hii mbili unayoongeza imetoka wapi? Sikujua, mama. Nikasimama tu. Wenzangu wakasema nimefanyiwa nyumbani."

"Ungeeleza ile yako kwa kichwa."

"Nilisahau yote. Niliona aibu." Akavuta kamasi, akasema, "Baba hakutaka iwe yangu."

Mama Kidoti alitoka na daftari, akamkuta mumewe pale pale, akaliweka kifuani mwake bila kumtazama. Juu yake aliweka ile barua. "Geuza upande wa pili," alisema. "Ulisaini kwa mkono wangu, basi soma kwa macho yako."

Aliketi. Akageuza.

"Mwisho," barua iliendelea, "kila mtoto ataandika wazo lake limetoka wapi: kwa mwenzake, kwa mchoro, kwa kosa alilolifanya, au kwa kazi aliyowahi kuona mtu akiifanya. Watoto wanajua mengi kutoka nyumbani kwao kuliko tunavyodhani. Tunataka wajue kwamba hayo nayo ni hesabu."

Baba Kidoti alifungua ukurasa alioufuta. Penseli ya mtoto huyo ilikuwa na tabia ya kukandamiza, alishamkanya mara mia. Karatasi ilikuwa imebaki na mabonde. Alichukua penseli, akailaza ubavu, akapaka kidogo kidogo kuzunguka mwandiko wake mwenyewe, kama anayejaza simenti kwenye nafasi za vigae, na maneno yakapanda juu, meupe.

*Anza kwenye pembe, weka 6, usiiguse pembe ya mbele. Hiyo ni mwanzo wa upande mwingine. 6 × 4 = 24. Upande wowote: ongeza 1, zidisha kwa 4.*

Mishale ikajitokeza, ikiuzunguka mraba, kila upande ukimwachia mwenzake pembe. Hivyo ndivyo alivyopanga yeye. Miaka kumi na tisa alikuwa akizungusha mipaka ya sakafu namna ile, hajawahi hata siku moja kutoa mraba mdogo kwenye mkubwa akiwa amepiga magoti. Ile ya mraba kutoa mraba ilikuwa ya kuonyesha watu.

Akaipaka sentensi ya ukingoni.

*Wazo limetoka: nilimwona baba likizo akipanga vigae vya bluu bafuni kwetu. Nilikaa mlangoni. Hakuniona.*

Aliisoma mara tatu. Alikumbuka likizo ile, akakumbuka vigae vya bluu, hata boksi lililokuwa na vitatu vilivyovunjika. Mtoto mlangoni hakumkumbuka, akijitahidi namna gani.

Alinyanyuka, akasogeza pazia. Mkewe alikuwa akifagia nywele. Kidoti alikuwa juu ya kigoda cha wateja, uso ukutani.

"Mwanangu," alisema. "Nimekukosea. Nilifuta kitu ambacho sikukisoma. Kesho nitakwenda kumwambia mwalimu, mbele ya wenzako, kwamba ni mimi."

Kidoti alikwaruza ukuta kwa ukucha.

Baba akaketi sakafuni, mgongo kwenye ukuta, daftari magotini. "Sasa nieleze. Kwa nini unaongeza moja?"

Kidoti aligeuza kichwa, akamtazama mama yake badala ya baba. "Anauliza kweli, au ananipima?"

"Muulize mwenyewe," mama Kidoti alisema, akaendelea kufagia.

Mtoto alimtazama baba yake muda mrefu, kama anayetazama jumla asiyoiamini. Kisha akashuka kwenye kigoda, akachukua penseli, akafungua ukurasa mpya na kuanza kuchora mraba. Mstari wa kwanza ulipinda.

Baba Kidoti aliuona. Akaweka mikono yake miwili chini ya mapaja, akaikalia.